Dawa ya upara ya kupuliza: inafika damuni kiasi gani?

Mdomoni mwa kichupa kuna koni ya plastiki. Mtumiaji anaisimika juu ya sehemu ya kichwa iliyoanza kupungua nywele, kichwa kikiwa kikavu, anabonyeza mara moja, anaisogeza pembeni kidogo, anabonyeza tena. Koni inazuia ukungu wa dawa usiingie puani wala kutapakaa usoni. Kila mbonyezo unatoa mikrolita 50 tu, kiasi kidogo kuliko kilichomo katika matone mawili ya maji, na ndani yake mna mikrogramu 114 za finasteridi. Mwisho ni mibonyezo 4 kwa siku. Baada ya hapo kichwa hakioshwi kwa angalau saa 6.

Dawa hiyo inauzwa Ujerumani kwa jina la Fynzur, na ni miongoni mwa chache za aina yake zilizopitia majaribio kamili kabla ya kufika dukani. Imetengenezwa kwa ajili ya mwanamume anayetaka nywele zake lakini akisikia neno finasteridi anakumbuka aliyoyasikia kijiweni: kwamba kidonge hicho kinaua nguvu za kiume. Anachotaka kujua ni kama dawa ikipakwa kichwani itabaki kichwani.

Haibaki yote. Sehemu yake inafika kwenye damu, na sehemu hiyo, ingawa ni ndogo sana, inafanya kazi kubwa kuliko udogo wake unavyoonyesha. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kurudi nyuma kidogo hadi kwenye homoni yenyewe.

Mwaka 1942 mtafiti wa Marekani James Hamilton alichapisha uchunguzi wake kuhusu wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe. Aligundua kwamba hawakupata upara, hata waliotoka katika koo za wenye vipara. Alipowapa testosteroni, baadhi yao wakaanza kupoteza nywele. Kwa hiyo ukoo peke yake hautoshi, homoni ya kiume lazima iwepo. Ni homoni ipi hasa? Jibu lilikuja miaka zaidi ya 30 baadaye kutoka kijiji cha Salinas katika Jamhuri ya Dominika, ambako daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichunguza watoto waliozaliwa na maumbile yaliyofanana na ya kike, wakalelewa kama wasichana, kisha wakifikia balehe sauti zikawa nzito, misuli ikakua na maumbile ya kiume yakajitokeza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1974. Watoto hao walikuwa na testosteroni ya kawaida. Walichokosa ni kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi, dihidrotestosteroni, ambayo madaktari huifupisha kuwa DHT. Na walipokuwa watu wazima, tezi dume zao zilibaki ndogo na utosi haukuota upara.

Watengenezaji wa dawa hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kampuni ya Merck ilitengeneza finasteridi, dawa inayokizuia kimeng'enya hicho. Mwaka 1992 iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya tezi dume iliyovimba, kidonge cha miligramu 5. Mwishoni mwa 1997 kikaja kidonge cha miligramu 1 kwa ajili ya upara, Propecia. Mantiki ni nyepesi: kwa mwanamume aliyerithi upara, DHT inavisinyaza vifuko vya nywele vya utosini na kwenye pembe za paji la uso, unywele unaoota ukawa mwembamba na mfupi kila mzunguko, hadi unakuwa malaika tu. Punguza DHT, na vifuko ambavyo havijafa kabisa vinapata nafuu.

Kidonge kinafanya kazi. Katika majaribio ya miaka miwili, wanaume 83 kati ya 100 waliokimeza hawakupoteza nywele zaidi kwenye utosi, ilhali miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 28 kati ya 100. Tatizo ni kwamba kidonge hakichagui mahali. Kinapunguza DHT mwili mzima kwa takriban theluthi mbili, na DHT ina kazi nyingine mbali na kuleta upara. Katika majaribio ya awali, karibu wanaume 4 kwa kila 100 walisema hamu ya tendo la ndoa imepungua, uume hausimami vizuri au manii yamepungua, dhidi ya 2 kwa 100 waliokuwa kwenye kidonge kisicho na dawa. Wengi walipona walipoacha. Wapo wanaosema hawakupona, na malalamiko yao ndiyo yaliyoieneza hofu. Mwezi Mei 2025 kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni athari inayoweza kutokea kwa watumiaji wa vidonge vya finasteridi, na ikaagiza pakiti za miligramu 1 ziwekewe kadi ya kumtahadharisha mgonjwa. Kamati hiyo haikuona ushahidi wa kuihusisha dawa ya kupuliza na jambo hilo. Ikumbukwe tu kwamba waliotumia ya kupuliza ni wachache sana ukilinganisha na waliomeza vidonge, kwa hiyo kimya hicho hakipaswi kusomwa kama hati ya usalama.

Hapo ndipo kichupa kinapoingia. Jaribio lake kubwa, lililofanyika Ulaya na kuchapishwa mwaka 2022, liliwagawa wanaume 458 katika makundi matatu: wa dawa ya kupuliza, wa kidonge cha miligramu 1, na wa dawa isiyo na kiambata chochote. Kila mtu alipewa kichupa na vidonge pamoja, ili asijue ni kipi kati ya hivyo, kama kipo, chenye dawa. Baada ya wiki 24 damu ilipimwa. Finasteridi iliyoonekana kwenye damu ya waliopuliza ilikuwa chini ya ile ya waliomeza kwa zaidi ya mara 100.

Mara 100! Tarakimu hiyo ndiyo inayopamba matangazo, na ni ya kweli. Lakini katika damu ileile ilipimwa pia DHT. Kwa waliomeza kidonge ilikuwa imeshuka kwa asilimia 55.6. Kwa waliopuliza ilikuwa imeshuka kwa asilimia 34.5. Dawa ilikuwa pungufu mara 100, na bado kazi iliyofanyika mwilini ilizidi nusu ya ile ya kidonge.

Anayeuza dawa kwa tarakimu ya kwanza bila kutaja ya pili anamficha mteja jambo la msingi. Finasteridi ina tabia ya kukishika kimeng'enya na kutokiachia kwa muda mrefu, hata baada ya dawa yenyewe kuisha kwenye damu. Kwa sababu hiyo, kiasi kidogo mno kinatosha kufanya sehemu kubwa ya kazi, na kuongeza dozi juu ya hapo hakuongezi sana. Watafiti walikwisha kuliona hilo mwaka 1999 walipowapa wanaume vidonge vya dozi mbalimbali. Kidonge cha miligramu 1 kilipunguza DHT ya damu kwa asilimia 71. Cha miligramu 0.2, yaani moja ya tano, kiliipunguza kwa asilimia 69. Hata kile cha miligramu 0.05, sehemu moja ya ishirini, kilishusha karibu nusu. Ni sawa na kufunga bomba la maji: mizunguko ya kwanza ya koki ndiyo inayokata mtiririko, na ukizidi kukaza baada ya hapo unabana mkono tu.

Kwa hiyo swali la kiasi gani kinafyonzwa lina nusu mbili, na mwanamume anayeogopa vidonge anahitaji kuuliza zote: dawa kiasi gani inaingia damuni, na DHT inashuka kiasi gani. Nusu ya pili ndiyo inayohusu mwili wake.

Kipimo anachopaka nacho kinaamua mengi. Waliotengeneza kichupa hicho walijaribu viwango tofauti kwa wiki moja kabla ya kuchagua. Mikrolita 100 au 200 kwa siku, yaani mibonyezo 2 hadi 4, zilipunguza DHT ya ngozi ya kichwa kwa karibu nusu, na ya damu kwa takriban robo. Walipopandisha hadi mikrolita 300 na 400, ngozi ya kichwa haikupata nyongeza yoyote ya maana, lakini DHT ya damu ilishuka kwa asilimia 44 hadi 48. Kwa maneno mengine, dawa ya ziada ilipita kichwani ikaenda mwilini. Ukomo wa mibonyezo 4 umetokana na hesabu hiyo, na anayeongeza wa tano na wa sita kwa haraka ya kuona nywele anajirudisha kwenye kidonge alichokikimbia.

Kosa kubwa zaidi linafanyika mbali na kichupa hiki, kwenye dawa zinazochanganywa na maduka ya dawa kwa maagizo binafsi na kuuzwa mitandaoni, hasa Marekani. Nyingi zinakuja kama maji yenye kitone cha kupimia, mara nyingi zikiwa na minoksidili ndani yake. Tuseme mwanamume wa miaka 32 amesoma kwamba dawa iliyojaribiwa Ulaya ina nguvu ya asilimia 0.25. Anapata chupa ya mchanganyiko iliyoandikwa finasteridi asilimia 0.25, anafurahi kwamba ni ileile. Maelekezo yanasema apake mililita 1 kwa siku. Asilimia 0.25 maana yake ni miligramu 2.5 katika kila mililita, kwa hiyo kila siku anajipaka miligramu 2.5. Mtumiaji wa kichupa cha Ulaya, hata akibonyeza mara zote 4, anajipaka mikrolita 200, ambazo zina miligramu 0.455. Asilimia ni moja, lakini huyu wa kitone anajipaka zaidi ya mara 5. Na akiamua kupaka asubuhi na jioni, inakuwa zaidi ya mara 10. Katika jaribio dogo la mwaka 2014, mililita 1 mara mbili kwa siku ilishusha DHT ya damu kwa asilimia 68 hadi 75. Waliomeza kidonge katika jaribio hilohilo walishuka kwa asilimia 62 hadi 72. Kwa upande wa DHT ya damu, mwanamume huyo amemeza kidonge kupitia utosi.

Kuna pia suala la kile dawa ilichoyeyushiwa. Kichupa cha Ulaya kina kitosani iliyorekebishwa, kitu kinachoacha utando mwembamba juu ya ngozi baada ya spiriti kukauka na kuishikilia dawa pale juu. Mchanganyiko wa kawaida wa spiriti na propilini glikoli hauna utando huo, na kila mchanganyaji ana fomula yake, kwa hiyo tarakimu za jaribio la Ulaya haziwezi kuhamishiwa kwenye chupa nyingine. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, ambayo haijaidhinisha finasteridi yoyote ya kupaka, ilitoa tahadhari mwezi Aprili 2025. Ilikuwa imepokea taarifa 32 kati ya 2019 na 2024 za watu waliotumia michanganyiko hiyo na kulalamika juu ya uume kutosimama, hamu kupungua, wasiwasi, huzuni, kukosa usingizi, akili kuwa nzito, maumivu ya korodani na hata mawazo ya kujiua. Taarifa za namna hiyo peke yake hazithibitishi chanzo. Lakini wengi wa walioandika walilalamika kwamba hawakuambiwa kuwa dawa ya kupaka inaweza kuleta madhara ya aina hiyo.

Kwa dawa iliyojaribiwa, hali ni tulivu zaidi. Katika jaribio la wanaume 458, matatizo ya tendo la ndoa yaliyohusishwa na dawa yaliripotiwa na karibu 3 kwa 100 miongoni mwa waliopuliza, na karibu idadi hiyohiyo miongoni mwa waliopuliza dawa isiyo na kitu. Kwa waliomeza walikuwa karibu 5 kwa 100. Kundi la kidonge lilikuwa dogo, la wanaume wasiofika 90, kwa hiyo hiyo 5 kwa 100 ni watu wanne hivi. Tofauti ya namna hiyo inatia moyo, ila haijatosha kuapia.

Na nywele je? Ndani ya sentimita moja ya mraba ya utosi, eneo la ukucha wa kidole cha shahada hivi, waliopuliza waliongeza wastani wa nywele 20 kwa wiki 24. Waliomeza waliongeza 21. Wasiopewa dawa yoyote waliongeza karibu 7, jambo linalotokea mara nyingi katika majaribio ya nywele na ndilo sababu picha za kabla na baada kwenye simu hazithibitishi chochote. Faida halisi ya dawa basi ni nywele 13 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Mwenye utosi unaoanza kuangaza anaweza kuiona faida hiyo kwenye kioo cha kinyozi. Aliyebaki na mzingo wa nywele juu ya masikio hataona kitu, kwa sababu vifuko vyake vya utosini vimeshajifunga. Paji la uso lililorudi nyuma nalo ni gumu kuliko utosi.

Miezi mitatu ya kwanza mara nyingi haionyeshi lolote, na baadhi ya watu huona nywele zikidondoka zaidi kwa wiki kadhaa, kwa kuwa zile nyembamba zinasukumwa na mpya. Wengi huacha hapo. Hukumu ya haki hutolewa baada ya miezi sita, kwa picha zilizopigwa mahali pamoja, mwanga uleule na nywele zikiwa na urefu uleule. Dawa ikiachwa, DHT inarudi kawaida ndani ya wiki chache, na nywele zilizopatikana huondoka katika mwaka mmoja hivi. Anayeanza anaanza gharama ya miaka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna hatua inayotangulia yote haya, nayo ni kuhakikisha kwamba upara wenyewe ni wa homoni. Upara wa kurithi una ramani yake: pembe za paji na utosi, pole pole, bila maumivu, bila magamba. Mabaka ya duara yenye magamba na muwasho yanaweza kuwa mapunye, ambayo yanatibiwa kwa dawa ya kuvu. Vipele vigumu kisogoni baada ya kunyoa, vinavyoacha kovu lisiloota nywele, ni ugonjwa mwingine unaowapata sana wanaume weusi. Nywele zilizopotea pembezoni mwa kichwa kwa mtu aliyesuka au kuvaa rasta zilizokazwa kwa miaka ni matokeo ya kuvutwa. Finasteridi, ya kupuliza au ya kumeza, haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Daktari wa ngozi anaweza kutofautisha kwa dakika chache akiwa na lenzi ya mkononi.

Akishathibitisha, mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari maswali yenye tarakimu ndani yake. «Daktari, kwa siku nitajipaka miligramu ngapi?» ni swali zuri kuliko kuuliza asilimia. Linalofuata ni kama chupa hiyo hasa, kwa fomula hiyo, imepimwa DHT ya damu, au mtu ameazima matokeo ya dawa nyingine. Nchini Tanzania aulize pia kama dawa imesajiliwa na TMDA, na Kenya kama ipo kwenye daftari la Bodi ya Famasia na Sumu. Chupa iliyoletwa kwenye begi la msafiri haina wa kuulizwa ikileta tatizo. Minoksidili ikiwa imechanganywa ndani, daktari aelezwe kuhusu shinikizo la damu na moyo, maana hiyo ni dawa nyingine yenye madhara yake.

Kuna mambo ambayo mgonjwa mwenyewe anapaswa kuyataja bila kusubiri kuulizwa. La kwanza ni historia ya sonona au mawazo ya kujidhuru, hata kama ilikuwa zamani. La pili ni hali yake ya tendo la ndoa kwa sasa, aibu kando, kwa sababu bila kujua alikoanzia hakuna atakayeweza kusema baadaye kama dawa imebadilisha kitu. La tatu ni kama mkewe ni mjamzito au wanatafuta mtoto. Kilichowapata watoto wa Salinas tumboni ndicho kinachohofiwa hapa: finasteridi inaweza kuvuruga maumbile ya mtoto wa kiume kabla hajazaliwa. Dawa ya kupaka inaongeza njia ambazo kidonge hakina, kama vile mkono usiooshwa, mto wa kulalia, au kichwa chenye dawa mbichi kilichoegemezwa begani. Mikono ioshwe mara tu baada ya kupuliza, dawa ikauke kabla ya kulala, na mjamzito asiguse sehemu iliyopakwa.

Wanaume waliokaribia miaka 50 wana swali la ziada ambalo wengi hawalijui. Kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, hushuka kwa takriban nusu kwa anayemeza finasteridi, hata ya miligramu 1. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa anatumia dawa hiyo anaweza kusoma 3 akairidhia, wakati hesabu sahihi ingekuwa karibu 6, kiwango kinachotaka uchunguzi zaidi. Kwa dawa ya kupuliza, ambayo nayo inashusha DHT ya damu, njia salama ni kupima PSA kabla ya kuanza, kuiandika, na kumtajia kichupa hicho kila daktari atakayeagiza kipimo hicho baadaye, hata kama anachotibu siku hiyo hakina uhusiano wowote na nywele.